Kwa Nini Mguu Huruka Goti Linapogongwa?

Aghalabu daktari humketisha mgonjwa miguu ikining'inia, kisha humgonga kwa nyundo ndogo ya mpira chini ya pia ya goti. Mguu huruka mbele bila ya mwenyewe kuuamuru. Tendo hili lilielezwa mwaka wa 1875 na madaktari wawili Wajerumani, Erb na Westphal, kila mmoja kivyake. Kwa kuwa nyundo huangukia kano, ni rahisi kudhani kwamba vihisi vya kano ndivyo vinavyourusha mguu. La hasha.

Pigo hilo huivuta kano, nayo kano huuvuta msuli mkubwa wa mbele ya paja, ukarefuka kidogo kwa ghafla. Ndani ya msuli huo, sambamba na nyuzi zake, mna vihisi vidogo vilivyotuna katikati na kuchongoka kwenye ncha. Kazi yake ni kupima urefu wa msuli na kasi ya kurefuka kwake. Vinapovutwa, hupeleka habari hadi kwenye uti wa mgongo. Humo, habari hupokezwa moja kwa moja na seli zinazouamuru msuli uo huo, nao hujikaza. Amri ya ubongo haingojewi.

Mguu unaponyooka, misuli ya nyuma ya paja nayo huvutwa. Lau ingejikaza vilevile, ingeuzuia mguu. Ndiyo maana tawi la neva ile ile iliyoleta habari huamsha seli ndogo ya kati ndani ya uti wa mgongo, ambayo huzinyamazisha seli zinazoiamuru misuli ya nyuma. Basi mmoja hukaza, mpinzani wake hulegea. Kanuni hii ilifafanuliwa na Mwingereza Charles Sherrington, aliyetuzwa Nobeli mwaka wa 1932.

Vihisi vya kano, vinavyohusishwa na jina la Mwitaliano Golgi, vimo mahali msuli unapoungana na kano. Hivi havipimi urefu bali nguvu. Mtu akishika ndoo ya maji pasipo kuusogeza mkono, urefu wa msuli haubadiliki sana, ilhali kano imevutika. Hapo vihisi vya kano ndivyo vinavyotoa habari zaidi. Kwa kawaida habari hiyo huupunguzia msuli amri ya kujikaza. Zamani vilidhaniwa kuwa breki ya wakati wa hatari tu, lakini imebainika kwamba huhisi hata nguvu ndogo, na kwamba wakati wa kutembea athari yake huweza kugeuka ikausaidia msuli.

Daktari hulinganisha goti la kulia na la kushoto. Mruko ukitoweka upande mmoja, huenda neva imedhurika. Ukizidi mno, huenda njia zitokazo ubongoni zimeharibika, kama baada ya kiharusi. Hata hivyo, mruko hafifu katika magoti yote mawili si ugonjwa kwa lazima. Mgonjwa huambiwa afumbate vidole vya mikono yake na kuvivutanisha, kisha hugongwa tena. Mara nyingi mguu huruka.