Aspirini Inaponuka Siki

Fungua chupa ya aspirini iliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevunyevu, uinuse. Huenda ukasikia harufu ya siki. Hakuna aliyeitia humo. Vidonge vyenyewe vimeitengeneza, na fomula yake inaonyesha sababu: CH3COOC6H4COOH.

Mwanakemia haisomi fomula hiyo herufi kwa herufi. Anatafuta makundi tendaji, yaani atomi chache zilizoshikana kwa namna maalumu, ambazo huonyesha tabia inayofanana karibu kila zinapokutwa. Pete ya kaboni 6 iliyo katikati ya aspirini imetulia. Shughuli iko kwenye makundi mawili yaliyoshikizwa kwake.

Kundi la mwishoni, COOH, ni la asidi ya kaboksili. Wanafunzi wengi wakiona OH hapo husema haraka kwamba ni alkoholi. Lakini kaboni inayoibeba OH hiyo imeshikana pia na oksijeni nyingine kwa vifungo viwili, na oksijeni hiyo huvuta elektroni kiasi kwamba hidrojeni huachiliwa kwa urahisi. Ndiyo maana aspirini ni asidi. Saga kidonge cha kawaida, kitie maji, kisha nyunyizia bikaboneti ya sodiamu, ile ya kuumulia keki: patatoka mapovu ya kaboni dioksaidi. Usitumie kidonge cha kuyeyusha majini, kwa kuwa hicho huwa kimeshatiwa bikaboneti kiwandani.

Kundi la pili, COO lililobanwa kati ya kaboni mbili, ni esta. Halina hidrojeni ya kuachilia, kwa hiyo si asidi. Udhaifu wake ni maji: unyevu huikata esta taratibu, na joto huharakisha kazi hiyo. Kipande kimoja huwa asidi asetiki, ndiyo harufu ya siki. Kingine huwa asidi salisiliki, ambayo sasa ina OH iliyoshikizwa moja kwa moja kwenye pete, kundi liitwalo fenoli.

Je, mapovu yanaweza kutuambia kidonge kimeharibika? Hapana, maana asidi salisiliki nayo bado ina COOH yake, na itatoa mapovu vilevile. Inabidi kutafuta kundi ambalo aspirini safi haina. Maabara hudondoshea kloridi ya chuma (III), ambayo ikikutana na fenoli hii hugeuka zambarau. Aspirini safi haitoi rangi hiyo. Iliyooza huitoa, na kadiri ilivyooza ndivyo rangi inavyokolea.

Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer alitengeneza aspirini safi mwaka 1897 kwa kuifunika OH hiyo ya fenoli kwa esta, kwani asidi salisiliki ilikuwa ikiwasumbua wagonjwa tumbo. Unyevu huifunua tena. Basi weka aspirini pakavu, chupa ikiwa imefungwa vizuri, na ikinuka siki kwa nguvu usiimeze.