Kadre lojiki: mihogo, mbuzi na ile safu ya mwisho

Ndugu zangu, kadre lojiki yangu ya kwanza ilirudishwa na mfadhili na swali moja tu pembeni: "Mutavuna mwezi gani?" Proje ilikuwa ya kugawa vijiti safi vya mihogo kwa familia 400 huku Walungu, juu mozaiki imeharibu mashamba. Ilikuwa ya miezi 12, kuanzia mwezi wa 7. Mimi, agronome mwenye lisansi, niliandika endikateri hivi: "Mavuno ya mihogo yameongezeka." Sasa hesabu nami. Tunapanda mwezi wa 10, mvua ikishakolea. Proje inafungwa mwisho wa mwezi wa 6, mihogo ikiwa na miezi minane. Milimani kwetu mihogo inangojewa mwaka na zaidi. Nilikuwa ninaahidi kupima kitu ambacho bado kiko udongoni.

Njo nikaelewa kwamba kujaza ile tablo tu haitoshi. Iko na mistari minne: lengo kubwa juu, lengo maalum, matokeo, kisha kazi chini. Safu pia ni nne: maelezo, endikateri, mahali pa kuhakikisha, na ipoteze. Ukimaliza, isome kutoka chini, kwa zigizaga: tukifanya kazi hizi, NA ipoteze za mstari huu zikikuwa kweli, tutapata matokeo. Tukipata matokeo, NA ipoteze za mstari wake zikikuwa kweli, tutafikia lengo maalum. Fasi sentensi inakatika, proje pia itakatikia hapo.

Nilirekebisha hivi. Mavuno yalipanda kwenye lengo kubwa, kwa sababu proje inayachangia lakini haitakuwepo kuyaona. Lengo maalum likawa: familia ziko na mashamba ya mihogo yenye afya. Kila familia inapata vijiti 100. Kwa mita moja kwa moja, hiyo ni ari moja, kwa hiyo kwa wote ni vijiti 40.000. Endikateri mpya ikasema: miezi sita nyuma ya kupanda, katika mashamba 40 yaliyochaguliwa kwa kura, angalau 32 yako na mimea isiyozidi 3 yenye majani ya mozaiki kati ya mimea 30 iliyoangaliwa. Mimea 30 unaihesabu ukipita shamba kwa mistari miwili inayokatana kama X. Mahali pa kuhakikisha ni fishi za agronome wa proje, na unaandika pia nani anazijaza na mwezi gani. Hesabu hiyohiyo inafanywa mbele ya kupanda, katika mashamba ya zamani ya familia zilezile. Bila hiyo namba ya mwanzo, yako ya mwisho haisemi kitu.

Sasa ipoteze. Wengi wetu tunaandika "usalama utakuwa muzuri" na tunafunga kompyuta. Mimi niliongeza "vijiti vitakuwa safi." Hiyo si ipoteze hata kidogo: ni sisi tunaonunua, kwa hiyo kwenda kukagua shamba la mbegu ni kazi, iandikwe chini kwenye mstari wa kazi na ipewe bajeti. Ipoteze ni jambo la muhimu lililo nje ya mikono yetu.

Mama mmoja, katika mkutano kijijini, alitusikiliza mpaka mwisho kisha akauliza: "Mwanangu, na mbuzi za jirani je?" Hakuna mutu kwetu alikuwa amewaza mbuzi. Maharagwe yakishavunwa, kiangazi cha mwezi wa 6 mpaka wa 8, mbuzi zinaachiliwa zizunguke, na wakati ule kijani kinachobaki shambani ni mihogo. Tena proje imeshafungwa, hakuna wa kuona.

Kwa jambo kama hili jiulize maswali kwa mpango. Ni muhimu? Ndiyo. Litakuwa lenyewe, mbuzi zitafungwa? Kama ni hakika, liache, halina haja ya kuandikwa. Kama inawezekana, liandike na useme nani atalifuata. Kama haielekei, angalia kama proje yaweza kuligusa. Sisi tuliweza: tukaongeza kazi moja, kuketi na shefu wa grupema na wenye mbuzi mbele ya kugawa vijiti, wapatane juu ya kufunga mifugo. Kwenye safu ya ipoteze ikabaki tu "wenye mbuzi wanaheshimu mapatano ya kiangazi", kwenye mstari wa lengo maalum, chini ya lengo kubwa, fasi mavuno yanakaa.

Na kama jambo ni la muhimu, halielekei kutokea, na hatuna la kulifanya? Wazungu wa proje wanaliita ipoteze ya kuua. Hapo usilifiche kwa maneno laini. Badilisha kijiji, badilisha zao, au usitume dosie.

Ile swali ya mwezi wa kuvuna, safari ya pili hawakuirudilia. Waliuliza tu bei ya kijiti kimoja.