Fahamu: Kwa nini mfuasi wa emita ana ukinzani mkubwa wa kuingilia na mdogo wa kutokea

Katika saketi hii, volteji ya emita hufuata ya besi. Volteji ya besi ikipanda, ya emita hupanda karibu sawa, hivyo tofauti kati yake hubadilika kidogo tu. Mkondo wa besi ni sehemu ndogo ya ule wa emita: β ikiwa 100, ni 1 kwa 101. Chanzo huona mzigo umekuzwa mara 101.

Tuseme mkondo wa emita ni 1 mA na kikinzani cha emita ni 1 kΩ. Ukinzani wa ndani, re, ni 25 mV ÷ 1 mA = 25 Ω.

Rin = 101 × (25 + 1000) ≈ 103.5 kΩ

Ukitazama kutoka emita, hesabu hugeuka: ukinzani wa chanzo hugawanywa. Chanzo kikiwa 10 kΩ:

Rout = 25 + 10000 ÷ 101 ≈ 124 Ω

Sambamba na 1 kΩ, hubaki takriban 110 Ω.

Tahadhari: vikinzani viwili vya 100 kΩ vya kuipa besi volteji huwa sambamba na Rin, nayo hushuka hadi takriban 34 kΩ.