Diwani Akiuliza Kuhusu Mafuta

Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango ya halmashauri huanza na swali hili: mwaka huu mmetumia kiasi gani? Tuseme idara ya afya inaomba milioni 12 za mafuta ya gari la wagonjwa, na hadi Machi imetumia milioni 4.5 tu. Jibu liandaliwe mapema: gari lilikaa gereji miezi minne, na barua ya fundi iambatishwe.

Kisha: milioni 12 imetoka wapi? Safari 20 kwa mwezi, lita 15 kila safari, shilingi 3,000 kwa lita. Kwa mwaka ni milioni 10.8. Milioni 1.2 iliyobaki ndiyo diwani makini ataing'ang'ania. Kama ni ya bei kupanda, iandikwe hivyo. Kama haina maelezo, ifutwe kabla ya kikao.