Punguzo la Kulipa Mapema: Je, Lina Faida?

Ndugu wanakikundi, mkiona ankara ya mbolea imeandikwa 2/10, n/30, maana yake ni hii: mkilipa ndani ya siku 10 mnapunguziwa asilimia 2, la sivyo, lipeni yote kufikia siku ya 30. Kwa kawaida siku huhesabiwa toka tarehe ya ankara, si siku mbolea ilipofika.

Tuseme ankara ni shilingi 40,000. Punguzo ni 800, kwa hivyo mtalipa 39,200. Kama pesa zimekaa bure tu kwenye akaunti, lipeni mapema.

Na kama ni za kukopa? Mkopo huo mnauhitaji kwa siku 20 tu, toka siku ya 10 hadi ya 30. Kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, siku 20 ni kama shilingi 523. Mnabaki na 277. Lakini mkopeshaji akitoza mwezi mzima, riba ni 784. Faida ni shilingi 16, haitoshi hata nauli ya mweka hazina! Kwa asilimia 10 kwa mwezi, riba ni 3,920. Hapo ngojeni siku ya 30.

Basi kabla ya kukopa tuulize: riba inahesabiwa kwa siku au kwa mwezi?