Barua ya mwenye duka kwa depo: salio la deni linapobishaniwa

Maduka mengi ya vyakula mjini Likasi, katika mitaa kama Kikula na Panda, hupata unga, sukari, mafuta na sabuni kwa mkopo kutoka depo za Lubumbashi, umbali wa kilomita 120 hivi kwa barabara. Mzigo hupakiwa leo, malipo huja kidogo kidogo kadiri bidhaa zinavyouzwa, na kila upande huandika daftari lake. Bei hutajwa kwa dola, lakini mteja wa dukani hulipa kwa faranga. Madaftari mawili yanayojazwa hivyo ni nadra kulingana hadi senti ya mwisho, na siku yanapoachana sana, inabidi mwenye duka aandike barua.

Hesabu iliyo hapa chini imetungwa kwa ajili ya mafunzo. Tarehe 3 Machi depo inatuma taarifa ya deni inayodai dola 1,940. Daftari la duka linaonyesha 1,510. Tofauti ni dola 430.

Kabla ya kuandika neno lolote, mwenye duka hutafuta tarehe ya mwisho ambayo pande zote mbili zilikuwa na salio moja. Hapa ni 31 Januari, kwa dola 1,200, kwa kuwa siku hiyo wakala wa depo alitia sahihi kwenye daftari la duka. Yaliyotokea kabla ya hapo hayaguswi tena. Kuanzia hapo kila mstari wa depo huwekwa kando ya mstari wa duka. Depo imeandika mizigo miwili: dola 700 tarehe 9 Februari na dola 600 tarehe 20, pamoja na malipo ya dola 560. Duka limeandika 700 na 480 za mizigo, na malipo mawili, 570 na 300.

Watunza hesabu wana kipimo cha haraka: tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, huenda tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, kama 540 kuandikwa 450. Kipimo hicho hufaa pale kosa ni moja tu. Hapa 430 haigawanyiki, na ulinganishaji wa mistari unaonyesha sababu: mambo matatu tofauti yamerundikana katika kiasi kimoja. Barua inayobishia 430 kwa jumla itajibiwa kwa jumla vilevile, yaani kwa kukataliwa. Kila jambo linahitaji kusimama peke yake, kwa sababu uzito wa ushahidi wake si sawa na wa mengine.

La kwanza ni dola 300 zilizotumwa kwa M-Pesa usiku wa tarehe 14 Februari. Depo haikuziandika popote. Ujumbe wa simu una tarehe, kiasi, namba ya muamala na jina la aliyepokea, na sheria ya biashara ya OHADA, inayotumika Kongo tangu Septemba 2012, inaruhusu wafanyabiashara kuthibitisha madai yao kwa njia yoyote, hata ya kielektroniki. Dai hili halina shaka. Mara nyingi fedha za namna hii huwa zimeingia katika simu ya mfanyakazi wa depo badala ya namba ya depo yenyewe, ndiyo maana jina la aliyepokea lionekane wazi kwenye nakala ya ujumbe inayoambatishwa kwenye barua.

La pili ni unga wa mzigo wa tarehe 20 Februari. Mifuko 30 ya kilo 25, kila mmoja dola 20, ilipakiwa Lubumbashi katikati ya masika, na 6 ilifika imelowa. Duka liliikataa, dereva akairudisha, akaandika kwenye hati ya mizigo: "24 mizuri, 6 imerudi", akatia sahihi. Hapo kuna dola 120. Jambo ambalo wengi hawalijui ni muda: sheria hiyohiyo inamtaka mnunuzi aliyeona kasoro ya wazi amjulishe muuzaji ndani ya mwezi mmoja tangu kupokea mzigo, la sivyo haki yake inapotea. Maneno ya dereva peke yake yasitegemewe. Barua iliyoandikwa tarehe 5 Machi imewahi. Ya mwisho wa Machi ingekuwa imechelewa.

La tatu ni dola 10 tu, na ndilo dai dhaifu kuliko yote. Tarehe 6 Februari duka lililipa faranga 1,596,000. Kwa kiwango cha 2,800 kwa dola hizo ni dola 570. Kwa 2,850 ni 560. Risiti inataja faranga, haitaji kiwango. Bila kiwango kuandikwa hakuna upande unaoweza kumshinda mwenzake. Mwandishi makini hadai hapa, anauliza, na yuko tayari kuziachia. Kung'ang'ania dola 10 zisizo na ushahidi kunatia doa dola 420 zenye ushahidi.

Sasa barua. Rasimu ya kwanza huwa na hasira: "Mmenidanganya tena, na deni lenu silitambui." Sentensi hiyo ina madhara mawili. Inamtuhumu mtu kwa nia mbaya ambapo huenda karani alisahau tu, na inakana hata deni la kweli la dola 1,510. Kosa la kinyume chake ni upole uliozidi: "Deni nalikubali, ila naomba mnipunguzie." Mdaiwa akikiri deni kwa maandishi, muda wa ukomo wa dai huanza upya, na kiasi alichokiri kitamrudia mahakamani. Kinachokiriwa ni salio lisilobishaniwa, kwa tarakimu, na si zaidi. Rasimu iliyokomaa husomeka hivi:

"Bwana Mkurugenzi, nimepokea taarifa yenu ya tarehe 3 Machi inayoonyesha dola 1,940. Kwa daftari langu, kuanzia salio la 31 Januari tulilokubaliana, ninadaiwa dola 1,510. Tofauti inatokana na malipo ya M-Pesa ya dola 300 ya tarehe 14 Februari na mifuko 6 ya unga iliyorudishwa tarehe 20 Februari, dola 120. Nakala za ushahidi zimeambatishwa. Kuhusu faranga 1,596,000 za tarehe 6 Februari, naomba mnieleze mlitumia kiwango gani. Leo nalipa dola 700 kwa ajili ya ankara ya tarehe 9 Februari. Naomba taarifa iliyorekebishwa kabla ya tarehe 20 Machi."

Sentensi ya malipo ndiyo yenye ufundi. Mwenye madeni kadhaa kwa mtu mmoja ana haki ya kutaja, anapolipa, ni deni lipi analifuta. Asipotaja, depo inaweza kuziingiza dola 700 katika ankara ya unga inayobishaniwa, na ubishi ukaonekana umekwisha. Kulipa sehemu isiyo na ubishi pia hufanya depo iendelee kupakia mizigo wakati hesabu inatafutwa.

Barua hupelekwa kwa mkono, nakala ya pili ikatiwa muhuri, sahihi na tarehe na anayepokea. Picha ya WhatsApp ni nyongeza nzuri, lakini haichukui nafasi ya nakala hiyo. Depo isipojibu, barua ya pili hurejelea tarehe ya ile ya kwanza bila kubadilisha tarakimu yoyote. Nakala, hati ya mizigo, risiti na ujumbe wa simu vihifadhiwe pamoja, visitupwe hata baada ya taarifa kurekebishwa: kwa sheria ya OHADA, dai la mauzo ya kibiashara hukoma baada ya miaka 2, na mpaka hapo linaweza kufufuliwa.