Afisa Huyu Yuko Chini ya Nani? Kutambua Miundo Mitatu ya Utawala

Mkulima aliyeona viwavijeshi vamizi katika mahindi yake hawezi kungoja wiki mbili, kwa kuwa viwavi wakishakua hujificha ndani ya moyo wa mmea, mahali ambapo dawa huwafikia kwa shida. Hata hivyo, hutokea akafika ofisi ya kata na kuambiwa kuwa afisa ugani ameitwa wilayani. Akiuliza wilayani, huelezwa kuwa afisa huyo anasimamiwa na Mtendaji wa Kata. Majibu yote mawili yaweza kuwa ya kweli. Ili kujua hatua ya kuchukua, yafaa mwananchi aelewe namna ya kusoma njia za uwajibikaji, yaani nani hupokea amri na kutoa taarifa kwa nani.

Swali la kwanza ni hili: walio moja kwa moja chini ya kiongozi mkuu wanasimamia nini? Wakisimamia fani, muundo huo ni wa kimajukumu. Katika halmashauri, wahasibu huwajibika kwa Mweka Hazina, maafisa ununuzi kwa mkuu wa kitengo chao, na maafisa kilimo kwa Mkuu wa Divisheni ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi. Wakuu hao hukutana kwa mtu mmoja tu, naye ni Mkurugenzi Mtendaji. Ndiyo maana jambo linalogusa fani mbili, mathalani ununuzi wa vinyunyizi vya dawa, hupanda hadi juu kabla ya kushuka tena.

Wakisimamia eneo au bidhaa nzima, muundo ni wa kimatawi. Tuchukue mfano wa chama cha ushirika chenye kinu cha kukoboa mpunga na bustani ya miche. Meneja wa kinu ana mhasibu, fundi na mtunza ghala wake. Meneja wa bustani naye vivyo hivyo. Dalili yake ni kwamba fani ileile hurudiwa chini ya kila meneja. Uamuzi hufanyika upesi, ila chama hulipa wahasibu wawili.

Hapa msomaji ajihadhari na majina. Neno “divisheni” laweza kumfanya mtu adhani halmashauri zetu zina muundo wa kimatawi. Sivyo. Divisheni ya Kilimo haina kitengo chake cha ununuzi wala mweka hazina wake. Huvitegemea vitengo vinavyohudumia divisheni zote. Vivyo hivyo, shirika laweza kuwa na ofisi katika kila kanda na bado likabaki la kimajukumu, ikiwa fundi wa kanda huwajibika kwa mhandisi mkuu na mhasibu wa kanda kwa mhasibu mkuu, pasipo mtu mmoja wa kuwaamuru wote wawili pale kandani.

Swali la pili: je, yupo mtumishi mwenye wakubwa wawili wenye mamlaka halisi juu yake? Akiwapo, huo ni muundo wa matriki. Afisa ugani wa kata yuko karibu na hali hiyo. Maelekezo ya kitaalamu huyapata kwa Mkuu wa Divisheni. Kazi za kila siku katani huzifanya chini ya usimamizi wa Mtendaji wa Kata. Tuseme Jumatatu divisheni imemwita kuandaa orodha ya wakulima wa mbolea ya ruzuku, na siku hiyohiyo Mtendaji amempangia kukagua mashamba yaliyovamiwa. Hapo mkulima asilalamike kwa upande mmoja pekee. Taarifa yake iandikwe na kufikishwa kwa wote wawili, ikitaja kitongoji, ukubwa wa shamba na siku viwavi walipoonekana, ili wakubwa hao wakubaliane kazi ipi itangulie. Afisa mwenyewe hana uwezo wa kuwaamulia.

Hata hivyo, si kila anayetoa maagizo ni mkubwa. Mjumbe wa kamati anayeshauri tu haufanyi muundo kuwa wa matriki. Uliza ni nani humpangia mtumishi ratiba, nani humpima utendaji wake, na nani humwidhinishia likizo. Majibu yote yakielekea kwa mtu mmoja, njia ni moja, hata kama ushauri hutoka pande kumi.

Ipo pia njia isiyopita kwa Mkurugenzi Mtendaji hata kidogo. Tangu 2019, huduma ya maji vijijini imewekwa chini ya RUWASA, ambayo Meneja wake wa Wilaya huwajibika ndani ya wakala huo. Kwa hiyo kisima cha kijiji kikiharibika na chombo cha watumiaji maji kikashindwa kukitengeneza, barua ielekezwe kwa Meneja huyo, na nakala ipelekwe kwa Mtendaji wa Kata.